Meno ya Pia, Meno Bapa na Vumbi la Kahawa ya Dele



Siku hizi Mji Mkongwe una kahawa za aina mbili, na wanaokunywa moja mara nyingi hawakai na wanaokunywa nyingine. Ipo kahawa chungu ya dele, ile ya Jaws Corner na ya mabaraza mengine, inayochemshwa juu ya makaa, ikatiwa tangawizi na kumiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Na ipo kahawa ya mashine na ya karatasi, ya mikahawa iliyofuata watalii na sasa inafuatwa na vijana wetu wenyewe. Zanzibar Coffee House pale Mkunazini ilijijengea jina kwa kahawa ya shamba la Utengule, Mbeya, na baada yake mikahawa mingine mingi imefunguliwa. Vijana wanaofanya kazi humo wamerudi mitaani na fundisho moja: mashine nzuri ya kusagia ni ya meno bapa, na mashine ya meno ya pia ni ya mtu asiye na fedha. Muuza kahawa mmoja akaniuliza kama ni kweli, maana anataka kuacha kinu na mchi. Mhadhara huu ni jibu lake. Nimelirefusha kwa sababu jibu fupi lingemdanganya.

Tuanze na vyuma vyenyewe. Mashine ya meno ya pia ina vipande viwili. Kimoja ni pia yenye meno pembeni, inayozunguka katikati. Cha pili ni pete iliyotulia, yenye meno upande wa ndani, inayoizunguka ile pia. Punje huanguka kutoka juu, zikapondwa na meno makubwa ya sehemu ya juu, vipande vikateremka kwa uzito wake hadi kwenye meno madogo ya chini, na hapo vikatoka. Kazi kubwa ya kuisogeza kahawa inafanywa na mvutano wa ardhi, kwa hiyo mashine haina haja ya mbio. Ndiyo maana mashine karibu zote za mkono ni za pia.

Meno bapa mnayajua tangu zamani, kwa kuwa kijaa cha bibi zenu ni meno bapa: sahani mbili zinatazamana, moja imetulia na nyingine inazunguka, nafaka inaingia katikati na unga unatokea ukingoni. Tofauti ni kwamba kijaa kilizungushwa polepole, na mashine ya kahawa inazungushwa kwa kasi, kwa sababu ndani ya sahani hizi mvutano wa ardhi hausaidii. Kahawa lazima irushwe kutoka katikati kwenda ukingoni. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, mota ya kawaida ya mashine hizi huzunguka takriban mara 1,400 kwa dakika. Sahani ya milimita 64, ambayo ni saizi ya kawaida mikahawani, ukingo wake unakwenda karibu mita 4.7 kwa sekunde. Pia ya milimita 63 inayozungushwa mara 330 kwa dakika haifikishi mita 1.1. Mashine ya mkono iko chini zaidi ya hapo.

Kwa nini umbo hili au lile libadilishe ladha? Hapa inabidi tutazame kinachotoka chini ya mashine. Punje iliyokaangwa ni ngumu na kavu, na ndani yake imejaa vyumba vidogo vya seli, kila kimoja na upana wa mikroni 20 hadi 40. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukiipasua punje hiyo haigawanyiki vipande vinavyolingana. Inatoa vipande vya ukubwa uliokusudia, na papo hapo, kila ufa unapopita, kuta za seli zinabomoka na kumwaga vumbi. Kwa hiyo kahawa yoyote iliyosagwa, kwa chuma chochote, ina makundi mawili: chembe kuu, ambazo kwa kahawa ya karatasi huwa mikroni 700 hadi 1,000 hivi, na vumbi, ambalo hukusanyika karibu na mikroni 30 hadi 50. Usitafute mashine isiyotoa vumbi, kwa sababu vumbi linatoka katika maumbile ya punje yenyewe. Mashine huamua mambo mawili tu: vumbi litakuwa kiasi gani, na chembe kuu zitalingana kwa kiasi gani.

Hapo ndipo maumbo mawili yanapoachana. Katika meno ya pia njia ni fupi na ina mteremko. Kipande kinaweza kuponyoka kikiwa bado kikubwa, iwapo kimelala kwa upande wake mwembamba, na kilicho jirani kikabanwa na kupondwa zaidi ya inavyotakiwa. Mara nyingi matokeo yake ni mtawanyiko mpana: mapande machache makubwa, chembe kuu zilizotapakaa, na vumbi la kutosha. Katika sahani bapa kila kipande lazima kipite ukingoni, kwenye ukanda wa meno madogo ambao upana wake ni uleule mzunguko mzima. Kisichopenya kinarudi kukatwa. Kwa hiyo chembe kuu hukaribiana zaidi. Hapo nazungumzia sahani bapa zilizokaa sawasawa. Sharti hilo nitalirudia, maana ndilo linalowaponza wengi.

Sasa tuhesabu, kwa sababu watu hulidharau vumbi kwa kuwa ni jepesi. Chukua chembe moja ya mikroni 800. Ivunje yote kuwa vumbi la mikroni 40. Utapata vipande 8,000, na jumla ya nyuso zake itakuwa mara 20 ya uso wa ile chembe ya mwanzo. Sasa tuseme, kwa mfano tu, mashine moja imekupa vumbi sehemu 10 kwa mia ya uzito, na zilizobaki 90 ni chembe za mikroni 800. Ukipima nyuso, vumbi lina 200 na chembe kuu zina 90. Yaani sehemu ya kumi ya uzito imeshika zaidi ya theluthi mbili ya uso ambao maji yanaugusa. Mashine ya pili ikikupa vumbi sehemu 5 tu, hesabu inakuwa 100 kwa 95, karibu sawa kwa sawa. Kwa mizani tofauti ya mashine hizi mbili ni gramu moja katika kila gramu 20. Kwa maji ni kahawa mbili mbalimbali.

Vumbi hutoa karibu kila kilichomo mara tu linapoguswa na maji ya moto: ladha, uchungu, mafuta na kila kitu. Chembe kubwa hutoa taratibu, kwa kuwa maji lazima yaingie ndani na kutoka tena. Kahawa ya karatasi inamalizika kwa dakika tatu au nne, espreso kwa nusu dakika. Katika muda huo mfupi, vumbi limeshatoa hata kile usichokitaka, na mapande makubwa bado yana uchachu wa mwanzo. Ukionja kahawa iliyo kali na chungu, na wakati huohuo ina uchachu wa maji ya kuoshea, usibadilishe kahawa. Tazama mashine. Ladha mbili hizo kuwa pamoja katika kikombe kimoja ndiyo dalili ya kwanza ya chembe zisizolingana.

Kutokana na hilo mikahawa ya dunia ikazipenda sahani bapa. Mnamo mwaka 2013, katika mashindano ya dunia ya mabarista kule Melbourne, Matt Perger wa Australia alisaga kahawa ya espreso kwa mashine iitwayo EK43 ya kampuni ya Mahlkönig, yenye sahani bapa za milimita 98. Mashine hiyo haikutengenezwa kwa espreso. Ilikuwa ya madukani, ya kusaga kahawa ya kupimiwa mteja na viungo. Perger alishika nafasi ya pili, lakini mashine ikashinda, kwani tangu hapo mikahawa mingi ikaitafuta. Wanaoisifu husema kikombe chake kina ladha zinazojitenga: ukinywa kahawa ya Kilimanjaro au ya Mbeya unaweza kusema hapa pana chungwa, hapa pana ndimu, hapa pana utamu wa asali. Kikombe cha meno ya pia wanakisema kwa maneno mengine: kizito mdomoni, mviringo, ladha zimeungana. Mimi nimeonja nikijua kikombe kipi ni kipi, na nimeonja bila kujua. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko kelele zake, na mara nyingi umbo la meno na ukali wake vinapita ile habari ya pia au bapa. Ziko sahani bapa za zamani za espreso zinazotoa vumbi kuliko pia nyingi.

Hata kwa espreso, usawa una mpaka wake. Vumbi kidogo ndilo linaloziba nafasi kati ya chembe na kuyapa maji upinzani. Likizidi, maji hujitafutia njia, yakapita upande mmoja kwa kasi na upande mwingine ukabaki mkavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Matter, Christopher Hendon akiwa mmoja wa waandishi wake, ulionyesha kwamba kusaga laini kupita kiasi hupunguza kinachotolewa badala ya kukiongeza, kwa sababu hiyohiyo ya maji kupita mahali pamoja. Kwa hiyo barista akiona ladha ni pungufu, akakaza meno, na ladha ikazidi kupungua, alegeze.

Sasa turudi barazani, kwa muuza kahawa wetu.

Yote niliyosema kuhusu usawa yanatokana na uchache wa muda. Dele halina shida hiyo. Kahawa imechemka, imekaa juu ya makaa, imeongezwa maji, imechemka tena. Kwa muda huo hata pande la milimita moja na nusu limeshatoa kila lililonalo. Mnywaji wa kahawa chungu hatafuti uchachu wa chungwa. Punje zimekaangwa hadi kuwa nyeusi, na tangawizi imo. Faida ambayo mkahawa wa Shangani unailipia katika sahani bapa, yaani chembe zote kutoa kwa pamoja, hapa haina pa kuonekana. Kwenye dele vumbi lina kazi nyingine, nayo ni uzito na tope.

Tope lina kanuni yake. Chembe ndogo ikizama katika maji, kasi yake hufuata mraba wa upana wake. Ikiwa chembe ya mikroni 200 inafika chini ya dele kwa sekunde 10, ile ya mikroni 20 inahitaji mara 100 ya muda huo: sekunde 1,000, takriban dakika 17. Na hiyo ni kwa maji yaliyotulia. Dele lililo juu ya seredani halitulii. Maji ya chini yanapata moto, yanapanda, ya juu yanashuka, na vumbi linazunguka nayo. Kwa hiyo vumbi la kahawa ya dele halizami lote wakati wa kuuza. Sehemu yake hubaki majini na kuyapa ule unene ambao wazee wanauita kahawa iliyoshika, na nyingine huishia kinywani ikiwa mchanga. Kule Ghuba huziba mdomo wa dele kwa nyuzi za mtende ili kuzuia makapi. Nyuzi hizo huzuia vipande, lakini haziwezi kuzuia vumbi la mikroni 40.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosifu kinu na mchi bila kipimo. Mchi haukati, unaponda, na kila ukishuka unaponda tena kile kilichokwisha kuwa unga. Mtawanyiko wake ni mpana kuliko wa mashine yoyote: mapande na vumbi kwa wingi, chembe kuu chache. Ukitaka kuyamaliza mapande, unazidisha vumbi. Na kahawa iliyokaangwa sana ni nyepesi kuvunjika, hivyo hutoa vumbi zaidi kuliko iliyokaangwa kidogo, hata kwa meno yaleyale. Kinu kinatupa uzito tunaoupenda na pia ule mchanga tunaoutema.

Meno ya pia hutoa vumbi la kutosha kuupata ule unene, na mtu anaweza kulidhibiti kwa kulegeza meno. Hapa jiometri inamsaidia. Ukiishusha sahani bapa mikroni 100, mwanya unaongezeka mikroni 100 kamili. Ukiishusha pia yenye mteremko wa nyuzi 30 kutoka kwenye mhimili wake, mwanya unaongezeka mikroni 50 tu, kwa sababu ya mshazari. Kwa mtu anayesogeza kwa mkono, bila alama ndogondogo, pia ina msamaha.

Muuza kahawa wetu nilimwambia afanye hivi. Achukue kilo ya kahawa aliyokaanga mwenyewe, nusu aitwange kama kawaida na nusu aisage kwa pia iliyolegezwa, chembe zake zifanane na chumvi ya mawe iliyosagwa kidogo. Apike madele mawili kwa kipimo kimoja cha kahawa, maji na tangawizi. Kisha, kabla ya kuonja, amimine kila moja katika bilauri ya kioo, aiweke mbali na moto na aitazame kwenye mwanga. Chembe kubwa zitakaa chini mara moja. Aangalie ukungu wa juu baada ya dakika tano, na tena baada ya robo saa. Ukungu unaobaki ndio uzito wa kahawa yake, na tope la chini lililo laini kama udongo wa kinamo ndilo litakalomfikia mnywaji wa kikombe cha mwisho. Kahawa ya pia ikiwa nyepesi mno, akaze kidogo. Hana haja ya chombo kingine.

Sasa lile sharti la sahani kukaa sawasawa. Mwanya wa kusagia kahawa ya karatasi ni sehemu ndogo ya milimita, na unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia ni karibu mikroni 100. Kijana akifungua mashine kuisafisha, akaacha ganda la kahawa nyuma ya sahani, kisha akakaza skrubu, sahani imeinuka upande mmoja. Kuanzia hapo kila mzunguko una upande mpana unaopitisha mapande na upande mwembamba unaotoa vumbi, na zile fedha zote alizotoa kwa ajili ya usawa zimepotea. Namna ya kujua ni rahisi. Paka wino wa kalamu ya ubao kwenye ukingo wa sahani moja, funga, kaza hadi sahani ziguse kidogo huku ukizungusha kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa. Fungua. Wino ukifutika mzunguko mzima, sahani ziko sawa. Ukifutika upande mmoja, safisha nyuma, jaribu tena, na pakihitajika weka kipande chembamba cha karatasi ya fedha chini ya upande wa pili. Mashine za pia nazo zina ugonjwa wake: mhimili ukishikwa juu tu, chini unayumba. Shika mpini, utikise kushoto na kulia; pia ikigonga pete, irudishe dukani.

Kisiwa chetu kina mambo yake pia. Joto, kwanza. Mwaka 2016 watafiti, miongoni mwao huyohuyo Hendon, walichapisha katika Scientific Reports jaribio la kusaga kahawa za nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, kwa ile EK43, punje zikiwa katika joto la chumba na nyingine zikiwa zimegandishwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Punje za baridi zilitoa chembe laini zaidi na zinazolingana zaidi, na asili ya kahawa haikuleta tofauti ya maana. Sisi tunasaga katika joto la nyuzi 30, na sahani inayozunguka mara 1,400 inajipasha yenyewe. Anayesaga mfululizo aipumzishe mashine, na punje azihifadhi mahali pa baridi zaidi alipo napo, katika chombo kilichofungwa. Pili, viungo. Usisage karafuu au tangawizi kavu katika mashine ya kahawa ya karatasi. Mafuta ya karafuu hayatoki menoni kwa kufuta, na nyuzi za tangawizi hukwama ukingoni mwa sahani bapa, mahali mwanya ni mwembamba. Viungo vya dele viwe na kinu chake.

Tatu, umeme. Wengi mnakumbuka giza la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika na Unguja nzima kukosa umeme wa gridi. Waya mpya wa Fumba ulikuja mwaka 2013, lakini umeme mdogo bado unatutembelea. Mota iliyopungukiwa na nguvu hukwama punje zikiwa katikati ya sahani, na mwenye haraka huiwasha tena bila kufungua hadi ikaungua. Fungua, toa punje, ndipo uwashe.

Kwa hiyo muuza kahawa wangu anunue mashine ya pia ya mkono, yenye mhimili ulioshikwa juu na chini, na asione haya mbele ya vijana wa mikahawani. Sahani bapa ni za anayeuza kahawa ya karatasi isiyokaangwa sana, naye akiwa tayari kuzipima kwa wino kila anapozisafisha. Asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo asizinunue.